Fedha ya mchango ni ya nani?

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, baada ya kuipita Chalinze, hukata katikati ya Ubena Zomozi. Malori na mabasi hupita usiku na mchana, na vijana wa bodaboda huvuka na kurudi kutafuta riziki. Kwa hiyo msiba unaowafikia watu wa huko mara nyingi ni wa ajali. Jioni moja kijana anagongwa, mfupa wa paja unavunjika, anakimbizwa Hospitali ya Msoga, kisha Tumbi mjini Kibaha, na huko familia inaambiwa ajiandae kupelekwa Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, akawekewe chuma. Kabla ya alfajiri jambo la fedha limekwisha kuwa la watu wote wa nyumba ile.

Hapo hutokea njia mbili. Ya kwanza ni mkopo, na siku hizi mkopo hauko mbali: upo kwenye simu, na upo kwa wale mabwana na mabibi wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Ya pili ni mchango. Makala hii inahusu njia ya pili. Lakini yafaa kwanza tueleze kwa nini ile ya kwanza ni mbaya zaidi katika dharura ya aina hii kuliko katika biashara, mbali na hukumu ya riba ambayo msomaji wa ukurasa huu anaijua.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ziwe za kufundishia tu, kwani ankara ya kweli huandikwa na hospitali. Familia inahitaji shilingi 2,500,000. Wameuza mbuzi wawili kwa 250,000, na kaka mkubwa ametoa akiba yake ya 350,000. Zimebaki 1,900,000. Wakizikopa kwa asilimia 20 ya mwezi, mwezi wa kwanza ukiisha wanadaiwa 2,280,000. Wasipoweza kuilipa yote, wakaishia kulipa ile ziada peke yake, watatoa 380,000 kila mwezi, na baada ya miezi minne watakuwa wametoa 1,520,000 na deni la asili la 1,900,000 lipo palepale kama siku ya kwanza. Sasa jiulizeni: ni nani aliyekuwa akileta fedha nyumbani? Ni yule aliyelala kitandani na chuma pajani. Mfanyabiashara hukopa akitarajia bidhaa zimrudishie. Familia ya majeruhi hukopa kwa kutegemea mguu uliovunjika.

Kanuni za Benki Kuu zimeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini yake. Ni hatua njema. Lakini riba ya kisheria nayo ni riba, na mwenye shida usiku wa manane haombi kuonyeshwa leseni.

Basi familia inaamua kuchangisha. Uamuzi huo ni mwepesi kutamkwa, na watu wetu wa Pwani hawana ubahili katika msiba. Linaloleta fitina, linalowafanya ndugu wasisalimiane na waumini wanong'one nje ya msikiti, ni swali ambalo karibu kila mara huulizwa kwa kuchelewa: fedha hii, tangu inapotoka mfukoni mwa mtoaji mpaka inapolipwa hospitali, ni mali ya nani? Jibu lake likijulikana siku ya kwanza, mambo mengine yote hupata njia.

Jibu la wanachuoni wetu ni kwamba anayekusanya ni wakili. Fedha iliyo mkononi mwake ni amana ya waliotoa, nao wameitoa kwa kusudi walilotajiwa. Haijawa mali yake, na kwa muda huo haijawa mali ya mgonjwa pia, mpaka imkabidhiwe au itumike kwa ajili yake. Amana ina hukumu zake. Ikiibwa bila uzembe wa aliyeishika, halipi. Lakini akiichanganya na fedha zake hata isijulikane ipi ni ipi, au akaitumia kwa nia ya kuirudisha jioni, amevuka mpaka, na tangu hapo akipoteza hata shilingi moja itamlazimu kuilipa, awe amezembea au hakuzembea.

Hukumu hiyo ya kuchanganya si nadharia ya vitabuni. Mara nyingi mchango hupokelewa kwa namba ya simu ya kaka wa mgonjwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Katika laini hiyo hiyo anapokea malipo ya mahindi aliyouza, ananunua umeme, anatuma ada ya mtoto. Baada ya siku tatu yeye mwenyewe hawezi kuapa kiasi kilichochangwa. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua likiwa limekwisha kutokea: mwenye laini akiwa na deni la huduma ya kuongezewa salio, mfano wa Songesha katika M-Pesa, fedha yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni lile. Mjane wa kitongojini ametuma 5,000 kwa ajili ya mguu wa kijana, kumbe amemlipia mtu mwingine deni pamoja na ada yake. Kaka hakuiba, lakini fedha haikufika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupata mahali pa kuweka fedha pasipo na fedha nyingine. Laini mpya iliyosajiliwa, isiyo na deni na isiyotumika kwa lolote jingine, yatosha kwa mchango mdogo. Kwa mkubwa, zipo akaunti za kikundi, benki na katika simu, ambazo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja wameidhinisha. Namba ya siri ijulikane na mmoja, na ujumbe wa kila muamala uonyeshwe kwa mwingine siku hiyo hiyo. Fedha taslimu iliyotoka kwenye bakuli la msikitini ihesabiwe mbele ya watu wawili kabla ya kuondoka msikitini, na iandikwe kwa wino.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya kupokea kuna kuomba, na kuomba nako kuna mipaka. Imamu Muslim amepokea habari ya sahaba Qabisa bin Mukhariq, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba msaada kwa sababu ya dhamana aliyojitwika. Mtume alimwambia angoje mpaka sadaka ifike, naye ataamuru apewe. Kisha akamfundisha kwamba kuomba watu hakuhalaliki ila kwa watu wa aina tatu: aliyejitwika dhamana, aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara hata watu watatu wenye akili katika kaumu yake wakamshuhudia. Na kila mmoja amewekewa ukomo: akipata kinachomtosha, aache.

Hadithi hiyo inabeba mambo mawili yanayotuhusu, nayo ni mashahidi na ukomo. Sisi tumeyaacha yote mawili. Mchango wa siku hizi huanza na picha ya jeraha katika makundi ya WhatsApp, namba ya simu chini yake, na maneno kwamba chochote ulicho nacho kitapokelewa. Hakuna anayejua ni kiasi gani kinahitajika, ni nani aliyeiona ankara, wala lini mchango utafungwa. (Na ile picha ya paja lililopasuka, ndugu zangu, mwenyewe hakuulizwa. Siku atakapopona atakuwa kijana ambaye wilaya nzima imeuona mwili wake.)

Katika mfano wetu wa Ubena, watu watatu walitakiwa washuhudie kabla ya neno lolote kutangazwa: imamu au mtu aliyemteua, mwenyekiti wa kitongoji, na mzee mmoja wa ukoo asiyeishi katika nyumba ya mgonjwa. Hawa hawaendi kumchunguza mtu kana kwamba ni mwongo. Wanakwenda kuiona karatasi ya hospitali, na kuuliza swali ambalo familia iliyochanganyikiwa husahau kuliuliza: je, mmekwisha kufika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali? Hospitali za umma zina utaratibu wa kumpima asiye na uwezo na kumpunguzia au kumsamehe gharama, na mlango wake ni ofisi hiyo. Barua ya mtendaji wa kijiji husaidia sana. Waulize pia kama mgonjwa ana bima, na kama chombo kilichomgonga kimejulikana, maana bima ya gari hiyo huenda ikawa na haki ya kudaiwa baadaye.

Ndipo hesabu inapoandikwa. Hospitali, kwa makadirio waliyopewa, 1,950,000. Mlezi atakayekaa Dar es Salaam wiki mbili, kwa malazi, chakula na nauli, 300,000. Gari la kumrudisha mtu asiyeweza kukunja mguu, 200,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha pamoja na nauli ya anayefuatilia, 50,000. Jumla 2,500,000. Familia ina 600,000. Kinachoombwa kwa watu ni 1,900,000, na tarakimu hiyo ndiyo inayotangazwa, pamoja na kwamba familia imekwisha kutoa sehemu yake. Watu hutoa kwa moyo zaidi wanapojua kuwa wenyewe wamekwisha kuuza mbuzi.

Ile 50,000 ya makato na nauli wengine huona haya kuitaja. Itajwe. Mchangishaji asiyetajiwa nauli hujilipa nauli, na hapo ndipo shaka inapoingia. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya sadaka, aliporudi akagawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake angeletewa zawadi hiyo. Anayekwenda Kariakoo kuwaona wafanyabiashara wenye asili ya Ubena, akapewa elfu kumi ya soda, ajiulize swali hilo hilo.

Lakini sentensi yenye uzito kuliko zote katika tangazo la mchango ni ile inayosema ziada itakwenda wapi, na ndiyo isiyoandikwa kabisa. Tuone kwa nini.

Siku ya kwanza hospitali ilitaka malipo ya kuanzia, na mchango haujaingia. Mwenye duka mmoja akatoa 500,000 kwa karadha, yaani mkopo usio na ziada, ikaandikwa mbele ya mashahidi kama inavyoamrishwa katika sura ya al-Baqara. Hii ni njia nzuri ya kuvuka usiku wa kwanza, nayo haina lawama, ila waliochangia waambiwe tangu mwanzo kwamba sehemu ya fedha yao italipa karadha hiyo. Ijumaa msikitini zikapatikana 412,000. Kijiwe cha bodaboda kikaleta 230,000. Akina mama wa darsa 168,000. Ndugu na jamaa walioko Dar na Morogoro wakatuma 890,000. Jumla ikawa 1,700,000, na mwenye duka akalipwa karadha yake siku ya tatu. Zilibaki 200,000 kufikia lengo, na kabla tangazo la kufunga halijatoka, jamaa mmoja aliyeko Maskati akatuma 500,000 kwa mkupuo. Mchango ukafika 2,200,000, zaidi ya lengo kwa 300,000.

Hospitalini nako ustawi wa jamii walimpunguzia, ankara ikawa 1,730,000 badala ya 1,950,000. Gharama nyingine zikawa kama zilivyokadiriwa. Jumla ya matumizi ikawa 2,280,000, na fedha zote zilizokuwapo, za familia na za watu, zilikuwa 2,800,000. Zimebaki 520,000.

Ni za nani? Mke wa majeruhi anasema ni zao, kwa sababu zilichangwa kwa jina la mumewe, na watoto wawili hawana aliyewaletea unga tangu ajali. Kaka anataka kwanza arudishiwe 350,000 yake. Katibu wa msikiti anaona ziende kwenye paa linalovuja. Kila mmoja ana hoja yake na hakuna mwizi miongoni mwao, na bado ni hapa familia nyingi zimegombana.

Kwa kanuni ya wakala tuliyoieleza, fedha hiyo bado ni ya waliotoa, kwa kuwa kusudi walilotajiwa limetimia. Haiendi kwenye paa, hata kama paa ni la nyumba ya Mwenyezi Mungu, mpaka wao waridhie. Kuhusu kaka, watu walielezwa kwamba familia inabeba 600,000, nao wakatoa kwa msingi huo. Akijirejeshea sasa, atakuwa amebadili mapatano baada ya wenzake kuondoka. Mke ana haja ya kweli, lakini walioombwa waliombwa fedha za chuma na kitanda.

Je, zirudishwe? Hapo ugumu unaonekana. Fedha zote zimechanganyika zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo haiwezekani kusema shilingi ya nani ndiyo iliyobaki. Ziada ingegawanywa kwa uwiano. 520,000 katika 2,200,000 ni kama 2,360 kwa kila 10,000. Jamaa wa Maskati angerudishiwa takriban 118,000, na yule mjane aliyetoa 5,000 angerudishiwa takriban 1,180. Waliotia kwenye bakuli hawajulikani kabisa. Kurejesha ni haki, lakini makato ya kutuma yangeila nusu ya haki hiyo. Kinachobaki ni kuomba ridhaa: kutangaza msikitini na kijiweni, kuwapigia waliotoa kiasi kikubwa, kupendekeza matumizi yaliyo karibu zaidi na kusudi la asili, na kumrudishia anayetaka chake.

Yote hayo yangeepukwa kwa maneno machache siku ya kwanza. Katika tangazo iandikwe hivi, au mfano wake: fedha hizi ni za matibabu ya fulani na gharama zilizotajwa, zikizidi, zitawalisha watoto wake mpaka arejee kazini, zisizidi miezi mitatu, zikizidi tena, au lolote likitokea, zitabaki katika mfuko wa dharura wa msikiti kwa mgonjwa atakayefuata, asiyeridhika atuarifu, tutamrudishia. Mtoaji akitoa baada ya kusikia hayo, ameridhia. Mke hatakuwa ombaomba kwa kamati, na katibu hatakuwa na hoja ya paa.

Maneno yale, lolote likitokea, yamewekwa kwa makusudi, kwani wagonjwa wengine hufa. Akifa mgonjwa huku fedha ikiwa bado mikononi mwa kamati, warithi huja na kudai kuwa ni mirathi. Kwa kanuni hiyo hiyo si mirathi, kwa kuwa marehemu hakuwahi kuimiliki. Wakili bado ni wakili wa waliotoa. Ni tofauti na ile bahasha aliyopewa marehemu mkononi mwake alipotembelewa wodini: hiyo ilikuwa hiba, ameipokea, imekuwa yake, na inaingia katika mirathi pamoja na simu yake na baiskeli yake, baada ya madeni na wasia. Ndiyo maana kamati isiharakishe kumkabidhi mgonjwa au mkewe fedha zote kwa kudhani inajitua mzigo. Hospitali za umma hutoa namba ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontroo namba. Kamati ilipe moja kwa moja kwa namba hiyo, na stakabadhi ibaki katika daftari. Kunapokuwa na utata, kama kwa rambirambi zilizopokelewa na watu mbalimbali wa familia, jambo lipelekwe kwa shehe mwenye elimu ya mirathi kabla fedha haijaguswa.

Asidhani mtu kwamba ugomvi wa kusudi ni wa vijiji tu. Tetemeko la ardhi lilipoikumba Kagera Septemba 2016, Watanzania walichanga. Mwezi huo huo Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wawili kwa madai ya kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Kisha serikali ikaeleza kuwa michango itakwenda kurejesha shule, vituo vya afya na miundombinu ya umma, na kwamba haitawajengea wananchi nyumba zao. Shule zilihitaji kujengwa, hilo halina ubishi. Lakini wako waliokuwa wametoa wakidhani wananunua bati la nyumba ya mtu, na wako waliokuwa wakilala nje wakidhani bati linakuja.

Kuna haki nyingine, ya wale wanaochangia. Baadhi ya jumuiya hupanga kiwango: kila kaya 5,000, na jina la asiyetoa husomwa. Hapo hakuna mchango tena, hapo pana kodi isiyo na sheria, na mali ya mtu haiwi halali kwa kumtia haya. Daftari liandike kila kiasi, kwa sababu ni ushahidi, lakini linalosomwa hadharani liwe jumla. Atakaye jina lake lifichwe aandikwe mja wa Mwenyezi Mungu pamoja na namba ya muamala. Sadaka ya dhahiri ni njema na ya siri ni bora kwa masikini, hivyo uchaguzi ni wa mtoaji. Jirani Mkristo aliyeleta 10,000 yake apokewe na aandikwe kama wengine. Alimfahamu kijana kwa kupanda pikipiki yake.

Jambo moja liwekwe ukurasa wake peke yake, nalo ni zaka. Mtu akisema fedha hii ni zaka yangu, isitiwe katika fungu la jumla, maana zaka ina watu wanane waliotajwa katika sura ya at-Tawba na haitoki nje yao. Majeruhi fukara anaingia. Mdaiwa asiyeweza kulipa anaingia. Lakini gari la kamati na paa haviingii, wala baba hatoi zaka yake kumtibu mtoto ambaye matunzo yake ni wajibu juu yake.

Na wapo wasio na kijiwe. Kijana wa bodaboda ana wenzake sabini wenye simu, ana jamaa Maskati. Bibi aliyehamia Ubena kufuata shamba la ufuta, asiye na mtoto mjini, akiangukiwa na nyumba atachangiwa elfu themanini, na haja yake ni ile ile. Mchango hufuata umaarufu wa mtu zaidi ya shida yake, na sioni namna ya kulibadilisha hilo ndani ya mchango wenyewe. Linalowezekana ni ule mfuko wa dharura, unaolishwa na ziada kama ile ya 520,000 na na kidogo cha kila Ijumaa, ukiwa na daftari lake na watu wake watatu, ukitoa karadha au msaada kabla ya mtu kufikiria kausha damu.

Mchango wa kijana wetu ufungwe rasmi. Ijumaa ya kwanza baada ya yeye kurudi nyumbani, imamu asome tarakimu nne: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na zilikoenda. Daftari na stakabadhi vikae msikitini baada ya swala ya Alasiri kwa siku saba, atakaye aje asome. Laini ya simu izimwe, ili mwezi ujao mtu asije akaitumia namba ile ile kuombea mgonjwa mwingine ambaye hakuna aliyemwona.